Tarakimu baada ya nukta: kisima kiko wapi hasa?

Fundi pampu amepigiwa simu kwamba pampu ya kisima kimoja mjini Dodoma imeharibika. Maelekezo aliyopewa ni viwianishi viwili tu: latitudo -6.17 na longitudo 35.74. Anaingiza namba hizo kwenye simu, anapanda pikipiki, na anafika mahali namba zinapoelekeza. Kisima hakuna. Aliyempa namba hakumdanganya. Alizikata tu njiani.

Tuseme siku kisima kilipochimbwa mpimaji aliandika -6.173482, 35.741927. Alama ya kutoa inaonyesha kwamba tuko kusini mwa ikweta. Nyuzi moja ya latitudo juu ya ardhi ni takriban kilomita 111, na kila tarakimu unayoongeza baada ya nukta inaigawa hatua hiyo kwa kumi. Tarakimu ya kwanza inapiga hatua za kilomita 11, ya pili kilomita 1.1, ya tatu mita 111, ya nne mita 11, ya tano mita 1.1, na ya sita sentimita 11.

Turudi kwa fundi wetu. Kwa kuandikiwa -6.17 badala ya -6.173482, alisogezwa kaskazini mita 385 hivi. Kwa kuandikiwa 35.74 alisogezwa magharibi mita 213. Kwa mstari ulionyooka, kisima kiko mita 440 kusini-mashariki mwa pale aliposimama, pengine nyuma ya nyumba kadhaa na korongo. Angepewa tarakimu tatu, zilizokadiriwa badala ya kukatwa tu, angekosea kwa mita 54. Angepewa nne, -6.1735 na 35.7419, angesimama chini ya mita nne kutoka kwenye pampu na kuiona kwa macho.

Hesabu hii ya longitudo inafaa kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoelekea kwenye ncha za dunia, hivyo nyuzi moja ya longitudo ambayo Dodoma ni karibu kilomita 111, London ni kama kilomita 69 tu.

Je, basi tuandike tarakimu nyingi kadiri simu inavyotoa? Hapa ndipo naona watu wengi wanapopotea. Simu ya kawaida, ikiwa nje chini ya anga wazi, hukosea kwa mita 5 hivi. Chini ya mwembe mkubwa, au kati ya maghorofa ambako mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kwanza, kosa huongezeka. Lakini kioo cha simu kinaweza kuonyesha tarakimu kumi au kumi na nne bila kusita, kwa sababu kikokotoo kinagawa tu. Ukitaka kuhakiki, simama sehemu moja usome namba, zunguka dakika kumi, kisha rudi palepale usome tena. Tarakimu zinazobadilika hazikuambii mahali ulipo. Kwa simu, tano zinatosha, na ya tano yenyewe ni ya akiba tu ili ukataji usiongeze kosa lingine.

Kuna kosa jingine ambalo tarakimu haziwezi kulitibu. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilichorwa kwa mfumo wa marejeo uitwao Arc 1960, ilhali simu na GPS hutumia WGS84. Mifumo hii miwili inachukulia umbo na kitovu cha dunia kwa namna tofauti. Chukua viwianishi vya kisima kutoka ramani ya Arc 1960, hata vyenye tarakimu sita, uviingize kwenye simu jinsi vilivyo: utafikishwa zaidi ya mita 200 kutoka kisimani, hasa upande wa kaskazini. Dalili yake ni kwamba visima vyote vya ramani hiyo vinasogea kuelekea upande mmoja kwa umbali karibu uleule. Makosa ya ukataji hayafanyi hivyo. Umbali wa hayo hutofautiana kutoka kisima hadi kisima.

Ndiyo maana rekodi ya kisima ningependa isomeke hivi:

```
-6.17348, 35.74193  WGS84  ±5 m
```

Bikoni ya kiwanja ni jambo tofauti. Mpima ardhi hutumia vipokezi viwili, kimoja kikiwa juu ya alama inayojulikana, na hufikia usahihi wa sentimita chache. Hapo tarakimu ya saba, yenye hatua ya sentimita 1.1, ina kazi. Lakini bamba la Afrika husogea kuelekea kaskazini-mashariki kwa sentimita 2 hadi 3 kila mwaka, likibeba bikoni pamoja na nyumba zetu. Katika miaka kumi ni kama sentimita 25, yaani tarakimu ya sita imebadilika bila mtu kuigusa bikoni. Kwa hiyo kwenye rekodi yake huandikwa pia tarehe ambayo viwianishi hivyo vinaihusu.