Jeli ya tatu kabla ya mlima wa Mweka

Mara yangu ya kwanza kukimbia Kilimanjaro Marathon mjini Moshi nilikuwa na mpango ulioandikwa kwa kalamu nyuma ya kiganja: 7.9, 15.8, 23.7, 31.6. Hizo ndizo kilomita nilizopanga kula jeli, vile vifuko vya sukari nzito ambavyo wakimbiaji hubana kiunoni. Mbili za kwanza zilikwenda sawa. Ya tatu nikaila nikiwa nimeshaanza kupanda barabara ya Mweka, nikihema. Kisha kibao cha kilomita 31 kikagoma kufika. Jua lilikuwa limeshawaka ila jasho langu lilikuwa la baridi, na nilipotazama saa ya mkononi nilishindwa kutoa 23 kwenye 29.

Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Lengo langu lilikuwa kumaliza kwa saa 4, yaani dakika 240. Marathoni ni kilomita 42.195, kwa hiyo kila kilomita inakupa dakika 5 na sekunde 41. Jeli nilipanga kula kila baada ya dakika 45, na kwa mwendo huo dakika 45 ni kilomita 7.9. Wewe unaweza kuipata yako bila kuhangaika na sekunde: chukua 1,899, ambayo ni 42.195 mara 45, uigawe kwa dakika unazotaka kumalizia. Anayelenga saa 4 na nusu anapata kilomita 7 kamili, wa saa 3 na nusu anapata 9, wa saa 5 anapata 6.3.

Lakini kwa nini dakika 45? Misuli na ini vya mtu aliyekula vizuri siku mbili tatu kabla huhifadhi kiasi cha gramu 500 za wanga, na kwa mwendo wa marathoni hazina hiyo huelekea kwisha baada ya kilomita 30 au zaidi kidogo. Jeli ya kawaida ina gramu 22 hadi 25. Ukila moja kila dakika 45 unaingiza takriban gramu 30 kwa saa, na hicho ni kiwango cha chini cha kile wataalamu wa lishe ya michezo wanachoshauri, gramu 30 hadi 60 kwa saa. Kwa hiyo dakika 45 ni mwanzo wa kujifunzia, si amri. Wenye tumbo lililozoeshwa hushuka hadi dakika 30. Na ukiigawa ile 1,899 kwa dakika 125 za mkimbiaji wa kimataifa utapata kilomita 15.2, maana yake angekula mara mbili tu njia nzima. Ndiyo maana wale hawafuati utaratibu huu, bali huchukua chupa zao zenye kinywaji cha wanga kwenye meza, takriban kila kilomita 5.

Tatizo langu lilikuwa kwamba tumbo linahesabu dakika, nami nililiandikia kilomita. Kwenye tambarare hizo mbili ni kitu kimoja. Pale Moshi si hivyo: nusu ya kwanza unatoka mjini kwenye barabara kuu ya kuelekea Dar es Salaam na kurudi, nusu ya pili unapanda Mweka hadi karibu kilomita 32, kisha unateremka. Nilipofika mlimani mwendo wangu ulishuka hadi dakika 7 na robo kwa kilomita. Zile kilomita 7.9 kati ya jeli ya tatu na ya nne ziligeuka kuwa dakika 57, na njaa ya misuli haikusubiri kibao.

Mwaka uliofuata mzee mmoja tunayekimbia naye Jumapili, fundi cherehani aliyeanza mbio baada ya kustaafu, aliuona mpango wangu akacheka.

"Mwanangu, hiyo 7.9 utaimezea na nini? Mate?"

Alikuwa na haki. Jeli nyingi ni nzito, zinahitaji maji, mafumba manne matano angalau. Ukiila kavu inakaa tumboni kama gundi, inavuta maji kutoka mwilini, na kilomita mbili mbele unatafuta choo. Ukiiteremshia kinywaji cha michezo chenye sukari ni yale yale, sukari juu ya sukari. Kanuni za riadha zinataka mbio ndefu za barabarani ziwe na vituo vya vinywaji takriban kila kilomita 5, na maji katikati ya vituo hivyo. Mara nyingi, basi, maji yapo kwenye 5, 7.5, 10 na kuendelea. (Si kila mwandaaji anafanya hivyo. Tazama ramani ya mbio zako wiki moja kabla.) Kwa hiyo 7.9 inasogezwa nyuma hadi 7.5, ambayo kwa mwendo wa saa 4 ni dakika 42 na sekunde 40. Hupotezi kitu, na unafungua kifuko mita mia mbili kabla ya meza ili maji yakukute jeli imeshaingia mdomoni.

Kwenye tambarare tupu mpango wa saa 4 ungekuwa 7.5, 15, 22.5, 30 na 37.5. Kwa Moshi mzee aliugeuza tena. Jeli ya tatu aliirudisha hadi kilomita 20, kabla mlima haujaanza, ingawa ni dakika 28 tu tangu ile ya kilomita 15. Sababu yake ni kwamba ukipanda, damu inakimbilia miguuni na tumbo linabaki na kazi bila wafanyakazi. Kumeza kitu kizito huku unahema nako ni kazi nyingine. Ya nne ikawa kilomita 27.5. Nikipanda kwa dakika 6 na sekunde 20 kwa kilomita, hizo 7.5 zinachukua dakika 47 na nusu. Ya tano kilomita 35, mteremkoni.

Juu ya hayo aliniwekea sharti moja: dakika 50 zikipita kabla kibao hakijaonekana, kula hapo hapo. Kwa ajili ya hilo nilibeba kichupa kidogo cha maji mlimani. Saa niliiwekea mlio wa kila dakika 45, na nikazima ule mpangilio unaosimamisha saa mtu akisimama, kwa sababu ukikaa chooni dakika tatu mwili unaendelea kuhesabu. Vibao vya barabarani ndivyo nilivyovifuata kutafuta maji. Saa yenye satelaiti, ukikata kona kwa nje, inaweza kukuambia umefika kilomita 20 mita mia mbili kabla ya kibao.

Namba sikuziandika tena kiganjani, zinafutwa na jasho. Niliziandika kwenye plasta nyeupe, nikaizungushia mkono: 7.5, 15, 20, 27.5, 35. Jeli ni zile zile nilizofanyia mazoezi ya kilomita 30, maana ladha mpya siku ya mbio ni kamari.

Mlio wa saa ulinikuta nikiwa mita chache kupita kibao cha 27, na kumbe meza ya maji ilikuwa inaonekana pale juu. Nikafungua kifuko. Nilipoimeza, nilitoa 27 kwenye 42 bila shida.

Na ile ya ziada, ya sita, niliyobeba kwa woga? Nilirudi nayo nyumbani. Binti yangu akaipaka kwenye mkate.