Chanjo Iliyoganda Haijulikani kwa Kibandiko

Swali la mtihani: asubuhi friji ya zahanati inasoma nyuzi −2, ilhali chanjo ya pentavalenti hutunzwa kati ya 2 na 8. Mraba kwenye kibandiko cha kichupa bado ni mweupe kuliko duara lake. Itumike?

Usiharakishe. Mraba huo huonyesha madhara ya joto tu, si ya kuganda. Gandisha kichupa kingine cha toleo lilelile, kiache kiyeyuke, kisha tikisa vyote viwili na uviweke mezani. Ndani ya dakika 30, chembe za kilichoganda hushuka chini, na juu hubaki maji maangavu. Kichupa unachokishuku kikituama kwa kasi hiyohiyo au zaidi, kitupe.