Barua Pepe kwa Mfasiri: Mwambie Haya Kabla Hajaanza

"Tafadhali tafsiri, naihitaji haraka." Barua pepe ya namna hii, yenye faili tu, humwacha mfasiri akibahatisha.

Tuchukue kipeperushi cha dawa mseto ya malaria, maneno 1,200, kutoka Kiingereza. Kwanza mweleze kitatumika wapi na nani atakisoma: "Kitagawiwa katika zahanati za vijijini Tanzania. Wasomaji ni wazazi, wengi wameishia darasa la saba." Hapo atajua aandike "mpe mtoto dozi ya pili baada ya saa 8", si lugha ya vitabu vya udaktari.

Kisha ambatisha orodha fupi ya istilahi. Kumi hivi zinatosha. Kama bango la ukutani linasema "dawa mseto", kipeperushi nacho kiseme hivyo hivyo. Mzazi akikuta majina mawili atadhani ni dawa mbili. Taja pia majina ya dawa yasiyopaswa kuguswa.

Mwisho, tarehe. "Wiki ijayo" haitoshi. Andika: "Alhamisi, saa 10 jioni, faili la Word." Wafasiri wengi hufanya maneno kama 2,000 kwa siku, kwa hiyo kazi hii ipewe siku moja ya kutafsiri na nyingine ya kupitia upya. Mtajie na mhudumu wa afya atakayejibu maswali yake. Siku ya kwanza ikipita bila swali lolote, mpigie simu: huenda anabahatisha.