Koma Inayotenga Kiima na Kitenzi katika Baruapepe

Koma huitwa pia kipumuo, na jina hili la pili limechangia pakubwa kosa ninalonuia kulijadili. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba koma huonyesha pumziko fupi huitia popote anapovuta pumzi. Aghalabu, msomaji hupumzika kidogo baada ya kiima, hasa kiima kikiwa kirefu. Hata hivyo, pumziko la sauti si mpaka wa kisarufi. Tutazame baruapepe fupi ambayo katibu wa chama cha Kiswahili anamwandikia mwalimu mlezi, nakala ikienda kwa mwenyekiti:

Kwa Mwalimu Mlezi,
Mwenyekiti, amekubali mkutano uwe Ijumaa. Wanachama ambao hawajalipa ada, hawatapiga kura. Naomba, unitumie orodha yao kabla ya kesho jioni.

Kuna koma tatu zisizofaa katika sentensi hizi tatu.

Tuanze na ya kwanza. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha nafsi, kwa hivyo "amekubali" ni sentensi kamili hata bila nomino. Koma inapotiwa baada ya "mwenyekiti", nomino hiyo huacha kuwa kiima na kuwa neno la kuita. Sentensi sasa inamwarifu mwenyekiti kwamba mtu mwingine amekubali. Kwa kuwa mwenyekiti naye amepata nakala, ana haki ya kuuliza: ni nani aliyekubali kwa niaba yangu? Katika insha ndefu aya nzima ingemwongoza msomaji, lakini baruapepe ya mistari mitatu haina muktadha wa kutosha kuliondoa shaka hilo. Sahihi ni: "Mwenyekiti amekubali mkutano uwe Ijumaa."

Koma ya pili inagusa haki ya kupiga kura. Bila koma, "Wanachama ambao hawajalipa ada hawatapiga kura" ina maana kwamba wasiolipa pekee ndio watakaozuiwa. Kwa koma mbili, "Wanachama, ambao hawajalipa ada, hawatapiga kura", kishazi cha katikati huwa maelezo ya ziada: hakuna mwanachama aliyelipa na hakuna atakayepiga kura. Katibu ametia koma moja, na msomaji hawezi kujua ni maana ipi iliyokusudiwa. Hapa kanuni ni nyepesi: baina ya kiima na kitenzi chake, maelezo ya ziada huzungushiwa koma mbili, yasipokuwepo, hakuna koma hata moja.

Koma ya tatu inatenga kitenzi na shamirisho. Tukiuliza, "Naomba nini?", jibu ni "unitumie orodha yao". Kishazi kizima ndicho kinachoombwa, kwa hivyo hakitengwi na kitenzi. Ni vivyo hivyo kwa "Naamini kwamba atafika" na "Nimesikia kuwa umepona": koma haikai kabla ya "kwamba" wala "kuwa". Mwanafunzi huenda akapinga kwamba tunaandika "Tafadhali, nitumie orodha". Ni kweli, lakini "tafadhali" ni neno la adabu linalosimama kando ya sentensi. Halijibiwi kwa swali la "nini?"

Chanzo kingine cha kosa hili ni koma iliyo sahihi mahali pengine. Linganisha:

Alipofika, alituma ujumbe.
Aliyefika alituma ujumbe.

Katika sentensi ya kwanza, "-po-" inaonyesha wakati. "Alipofika" ni kielezi kilichotangulia, na koma inafaa. Katika ya pili, "-ye-" inarejelea mtenda mwenyewe. "Aliyefika" ndicho kiima cha "alituma", na koma haina nafasi. Zoezi la jozi kama hizi humwonyesha mwanafunzi kwamba kinachoamua ni kazi ya kishazi, wala si urefu wake.

Zipo hali mbili za kutahadhari nazo. Shamirisho ikihamishwa mwanzoni na kurejelewa ndani ya kitenzi, kama katika "Orodha hiyo, nimeiona", koma hukubalika, kwa maana nomino imetangulizwa kwa mkazo. Pia, maneno halisi ya msemaji hutanguliwa na koma: Alisema, "Nitakuja."

Mwanafunzi anaposahihisha baruapepe yake, apigie mstari kila kitenzi. Kisha aulize "nani?" au "nini?" kutafuta kiima, na "nini?" tena kutafuta shamirisho. Akikuta koma moja peke yake kati ya kitenzi na jibu lolote kati ya hayo, aifute, isipokuwa katika hali mbili zilizotajwa. Akikuta mbili, asome sentensi bila maneno yaliyo katikati. Ikiwa maana aliyokusudia imebaki, koma hizo ziko mahali pake. Ikiwa imepotea, azifute zote mbili.