Huduma ya afya ya akili katika zahanati: Ni hesabu gani inayoonyesha kwamba imefika?

Mkazi wa Iguhu anafika kituoni akilalamikia kichwa, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Kwa kuwa eneo hili lina malaria, anapimwa. Matokeo yanaonyesha hana, anapewa dawa za maumivu na kurudi nyumbani. Baada ya wiki mbili anarudi na malalamiko yaleyale. Huenda ana sonona, ugonjwa wa huzuni nzito unaohitaji matibabu, lakini hakuna aliyemuuliza.

Ndiyo maana huduma hii inaingizwa katika zahanati na vituo vya afya badala ya kuachiwa hospitali kubwa kama Mathari, Nairobi. Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, imezipa serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma hizi. Njia yenyewe inajulikana. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa mhGAP mwaka 2008 ili wauguzi na matabibu wasio wataalamu wa akili waweze kutambua na kutibu magonjwa ya kawaida ya akili. Huko Makueni, mpango huo ulitumiwa katika vituo vya afya vya mashinani, na wahudumu wa jamii pamoja na waganga wa kienyeji na viongozi wa dini wakahusishwa katika kuwaelekeza wagonjwa kituoni.

Ugumu uko katika kujua kama huduma imeshika. Ripoti nyingi huhesabu waliohudhuria mafunzo, na idadi hiyo haisemi lolote kuhusu mgonjwa. Mwaka 1999 watafiti Glasgow, Vogt na Boles walipendekeza mfumo wa tathmini uitwao RE-AIM, wenye maswali matano: huduma imewafikia nani, imewasaidia kiasi gani, vituo vingapi vimeipokea, inatolewa inavyotakiwa, na je, inadumu?

Tuchukue mfano wa kubuni. Eneo lina watu wazima 5,000, na tukadirie kwamba mmoja kati ya 20 ana sonona, yaani watu 250. Kwa mwaka mmoja kituo kinawauliza wagonjwa 1,200 maswali 9 ya dodoso la PHQ-9, ambalo alama zake ni 0 hadi 27. Wagonjwa 90 wanapata alama 10 au zaidi, na baada ya kuchunguzwa 60 wanaanza matibabu. (Swali la 9 linahusu mawazo ya kujiua. Anayekiri kuwa nayo huhudumiwa siku hiyohiyo, hata kama jumla ya alama zake ni ndogo.)

Ripoti inaweza kujivunia 60 kati ya 90, yaani asilimia 67. Lakini ufikiaji hupimwa kwa wenye uhitaji wote, nao ni 60 kati ya 250, yaani asilimia 24. Waliobaki hawakufika kituoni, au walifika wasiulizwe. Hapo mhamasishaji wa afya ya jamii ana kazi kubwa kuliko semina nyingine, kwa kuwa yeye ndiye anayebisha mlango wa asiyekuja.

Tuseme pia kwamba kati ya wale 60, ni 24 tu waliorudi wiki ya sita. Kisa chake mara nyingi ni kidogo: dawa kama fluoksetini huchukua wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi, kabla ya nafuu kuonekana, ilhali kichefuchefu huweza kuanza siku za mwanzo. Asiyeelezwa hivyo huona dawa imemshinda, akaiacha.

Kupokelewa na vituo nako kuna mtego. Ikiwa zahanati 10 zilifunzwa, swali ni ngapi zimeandika hata mgonjwa mmoja wa akili kwenye rejista katika miezi 3 iliyopita. Zikiwa 4, upokeaji ni asilimia 40. Huenda muuguzi aliyefunzwa alihamishwa, au foleni ni ndefu kiasi kwamba maswali 9 yanaonekana mzigo. Kuuliza kwanza maswali mawili tu, la huzuni na la kukosa hamu ya mambo, kisha kuendelea na yote kwa anayeonyesha dalili, hupunguza mzigo huo.

Uendelevu haupimwi mradi ukiwa bado unalipa posho na nauli. Hupimwa mwaka mmoja baada ya fedha za wafadhili kuisha, kwa kutazama vitu vichache vinavyoonekana: kama fluoksetini imo katika oda ya kawaida ya dawa za kituo, kama rejista bado inajazwa, na kama msimamizi wa kaunti ndogo huuliza kuhusu wagonjwa hao anapotembelea kituo. Mara nyingi cha kwanza kukatika ni dawa. Mgonjwa aliyekuwa akipata nafuu hukuta rafu tupu, na muuguzi asiye na cha kumpa huacha kuuliza maswali.