Salongo: javeli na asidi zisikutane ndani ya mfereji

Siku ya salongo, kila nyumba inatoka na dawa yake: huyu na javeli, yule na asidi ya kutoa madoa chooni. Haya ndiyo maneno ambayo shefu wa avenyi anaweza kusema mbele ya watu, mbele ya majembe kuanza kazi.

Wababa, wamama na vijana, mfereji wetu ni mmoja. Tuseme jirani wa juu anasafisha choo na asidi, maji yake yanashuka mferejini. Wewe wa chini, bila kujua, unamwaga javeli palepale. Vile viwili vikikutana, vinatoa gazi ya klorini. Gazi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haipandi juu: inalala chini, ndani ya mfereji. Mtu mzima aliyesimama anaweza kusikia harufu kidogo tu, lakini mtoto aliyechuchumaa pembeni anaivuta yote. Hata mkojo mwingi ukichanganyika na javeli unatoa gazi mbaya.

Basi tupatane: leo, mferejini, javeli peke yake. Asidi ibaki nyumbani. Na javeli yenyewe inakuja mwisho. Kwanza tutoe matope na takataka kwa jembe, kwa sababu uchafu unamaliza nguvu ya javeli mbele haijaua vijidudu.

Kipimo ni hiki. Soma karatasi ya chupa. Kama klorini ni 5%, weka litre 2 za javeli na litre 18 za maji ya baridi ndani ya bidoni ya litre 20. Kama ni 2.6%, weka litre 4 za javeli na 16 za maji. Usitumie maji ya moto, yanaiharibu. Andika juu ya bidoni: JAVELI.

Macho yakianza kuwasha na watu wakikohoa, usimwage maji wala sabuni juu yake. Acheni vyote, ondoeni watoto kwanza, muende kule upepo unatokea. Mwenye kuendelea kukohoa ao kukosa pumzi apelekwe santre ya afya, hata akisema amepata nafuu.

Jambo la mwisho: dawa inayobaki isiingie ndani ya chupa ya Fanta ao ya maji. Mtoto anajua chupa, hajui dawa. Akikunywa, usimtapishe na usimpe mafuta ya mawese: dawa iliyomchoma koo ikishuka itamchoma tena ikipanda. Msukutue mdomo, halafu mbio hospitali pamoja na ile chupa, munganga ajue ni dawa gani. Ikimwingia machoni, mimina maji safi polepole dakika 20 hivi, kisha umpeleke.

Sasa kila mmoja aonyeshe alicholeta, shefu aangalie, ndipo tuanze.