Njia Tatu za Kuanza Dredi kwa Nywele Fupi za Kipilipili

Kabla hujaenda kwa msusi, shika unywele mmoja wa utosini, uunyooshe taratibu, kisha uupime kwa rula. Urefu unaouona kwenye kioo usiuamini. Nywele za kipilipili zikikauka hujikunja hata zikaonekana nusu ya urefu wake wa kweli, au chini ya hapo. Mtu anayedhani ana sentimita 2 anaweza kukuta ana 5 au 6. Pima pia kisogoni na kwenye panja, maana aliyekuwa akipunguza pembeni kwa kinyozi ana urefu tofauti kila upande, na sehemu iliyo fupi kuliko zote ndiyo itakayomsumbua.

Dredi haifungwi na jeli, wala haifungwi na mkono wa msusi. Kila siku kichwa huangusha nywele kati ya 50 na 100 hivi. Ukichana, zinatoka na kitana. Usipochana, zinabaki ndani ya kishungi, zinajiviringisha kwenye zile ambazo bado zina mizizi, na polepole kishungi chote kinashikana. Kazi ya msusi siku ya kwanza ni kuzikusanya nywele na kuzishikilia zisitawanyike mpaka huko kushikana kuanze. Kusokota twisti, kuviringisha koili na kupitisha intaloki ni namna tatu za kushikilia, na tofauti yake utaijua vizuri siku kichwa kitakapolowa.

Lakini kuna jambo moja linalotangulia njia zote tatu, nalo ni kugawa kichwa. Mistari utakayochora leo utaishi nayo miaka yote ya dredi hizo, kwa kuwa nywele za mraba mmoja ndizo zitakazokuwa dredi moja. Miraba ya sentimita 2 kwa 2 hutoa dredi zipatazo 150 kwenye kichwa cha mtu mzima. Ya sentimita 2.5 hutoa karibu 100, nene kidogo. Kwa nywele fupi mwombe msusi apange miraba kama matofali ya ukutani, mstari wa pili ukiziba mwanya wa kwanza, la sivyo ngozi ya kichwa itaonekana kama barabara za mtaa uliopimwa. Kwenye panja na kando ya paji la uso usiruhusu miraba midogo sana. Nywele za hapo ni nyembamba, na dredi yenye nywele chache mwisho hukatika kwa uzito wake yenyewe.

Koili ndiyo njia ya nywele fupi hasa, na sentimita 3 zinatosha. Nywele huoshwa, huachwa na unyevunyevu, kisha kila mraba hupakwa jeli kidogo au ute wa mshubiri. Msusi huchomeka meno ya kitana chembamba karibu na ngozi, akakizungusha huku akikishusha mpaka nchani, na kishungi hutoka kimeviringika vizuri. Kosa la wanaojifunza ni kuzungusha nchani tu, shina likabaki limelegea. Koili ya namna hiyo hufumuka kabla ya wiki kwisha. Kosa jingine ni kubadili mwelekeo. Ukianza kuzungushia kulia, kila utakaporudia shina zungushia kulia, maana ukigeuza unafungua ulichofunga mwezi uliopita. Baada ya hapo kichwa kikauke kabisa, chini ya mashine ya kukaushia ikiwezekana.

Uzuri wa koili ni kwamba haiachi alama yake. Dredi ikikomaa huwa mviringo na laini, bila mafundo ya ngazi. Ubaya wake ni maji: koili changa ikilowa inarudi kuwa nywele za kawaida. Kwa hiyo wasusi wengi husema subiri wiki tatu au nne kabla ya kuosha mara ya kwanza, na ukiosha uvae soksi ndefu ya nailoni kichwani, shampuu uliyoichanganya na maji uipitishie juu yake, ukibonyeza bila kusugua. Hata hivyo nyingine zitafumuka. Hiyo ni kawaida, zinaviringishwa upya.

Twisti kila mtu anaijua. Mraba mmoja hugawanywa mara mbili, na nyuzi hizo husokotwa pamoja. Kinachoishikilia ni mielekeo miwili inayopingana: kila uzi husokotwa wenyewe kuelekea kulia, halafu nyuzi mbili huzungushiana kuelekea kushoto, hivyo uzi ukitaka kufunguka unamkaza mwenzake. Lakini ili ukazaji huo ufanye kazi, nyuzi zizungukane angalau mara nne au tano, na hilo linahitaji sentimita 7 au 8. Kwa nywele fupi kuliko hapo, twisti hufunguka kuanzia nchani na kusimama wima kila upande. Msusi atakuambia itakaa tu, na kweli itakaa mpaka utakapolala.

Ikiwa urefu upo, twisti huvumilia kuoshwa mapema kuliko koili na hujaa zaidi, kwa sababu nyuzi mbili zilizozungushiana zina nafasi ya hewa katikati. Gharama yake ni muda. Nyuzi hizo kila moja huanza kushikana peke yake, ndipo zishikane zenyewe kwa zenyewe, na alama ya msokoto inaweza kuonekana hata baada ya mwaka, hasa kuelekea nchani. Wapo wanaoipenda sura hiyo. Mimi naona kwa mwenye nywele fupi twisti ni ya mtu aliye tayari kungoja miezi mitatu au minne nywele zirefuke kwanza. Zinakua kama sentimita moja kwa mwezi.

Intaloki ni kitu tofauti kabisa, kwa kuwa hapa nywele hazizungushwi, zinafungwa fundo. Msusi ana kifaa kidogo chenye tundu au kulabu. Hushika ncha ya kishungi na kuipitisha katikati ya nywele za shina, akaivuta upande wa pili, akarudia. Akianza kwenye nywele ambazo hazijawahi kuwa dredi, mafundo huanzia karibu na nchani na kupanda hadi karibu na ngozi. Inataka nywele za sentimita 4 au 5, subira ya siku nzima kwenye kiti ikiwa dredi ni ndogo, na msusi anayejua anachokifanya.

Ujuzi huo uko katika mwelekeo. Fikiria shina la dredi kama uso wa saa. Ncha ikiingilia saa tatu mara ya kwanza, mara ya pili iingilie saa tisa, kisha saa kumi na mbili, kisha saa sita. Ikipita upande uleule mara mbili mfululizo, katikati ya shina hubaki tundu, na baada ya miezi dredi husimama kwa miguu miwili. Ukimwona msusi anapitisha tu bila kubadili pembe, mwambie asimame hapohapo. Pia asifunge mpaka kwenye ngozi: nusu sentimita ya nywele huru ibaki, ili kichwa kigeuke bila kuvutwa.

Faida ya intaloki ni kwamba fundo halijali maji. Unaweza kuogelea, kutoka jasho na kuosha nywele kila wiki tangu mwanzo. Unachopoteza ni nafasi ya kubadili mawazo, kwani mafundo mia kadhaa hayafunguliki kirahisi na wengi huishia kwenye mkasi. Ukaguzi wa shina huja kila baada ya wiki tano hadi nane. Ukiwahi zaidi, unafunga nywele ambazo hazijakua, na ndipo panja zinapoanza kurudi nyuma. Dalili huja mapema: vipele vidogo kando ya paji, maumivu yanayozidi siku mbili, ngozi inayoinuka chini ya kila shina. Fundo la mwisho lifunguliwe siku hiyohiyo. Nywele zilizong'olewa kwa kuvutwa muda mrefu huenda zisiote tena.

Binamu yangu anafanya kazi jikoni katika hoteli moja Mombasa. Alikata nywele zake zote zenye dawa, akabaki na sentimita 5 utosini, 4 kisogoni na 3 tu kwenye panja, ambazo zilikuwa zimeshachoshwa na miaka ya kusuka kwa kubana. Joto la pwani na la jiko, kofia ya kazini, kuoga mara mbili kwa siku: kila kitu kilielekeza kwenye intaloki, na msusi wa kwanza alimwambia hivyo. Tatizo lilikuwa panja. Nywele za sentimita 3 zinashika fundo moja au mawili tu, na kila fundo linavuta shina dhaifu. Utosini ingewezekana, kandoni ingekuwa hasara.

Akaanza na koili kichwa kizima, miraba ya sentimita 2.5 kwa mpangilio wa matofali, yapata dredi 100. Kofia ya kazini akaitangulizia kitambaa cha pamba kilichofungwa kwa ulegevu, akakibadilisha katikati ya zamu kikilowa. Alipoosha mara ya kwanza, mwishoni mwa wiki ya nne na soksi kichwani, karibu robo ya koili zilifumuka, nyingi zikiwa za mbele. Aliziviringisha upya mwenyewe kwa kitana na ute wa mshubiri. Nta hakuigusa, wala mafuta ya mgando. Vitu hivyo haviyeyuki kwa shampuu, hubaki ndani ya dredi, vikakusanya vumbi na mba, na baadaye harufu isiyotoka.

Mwezi wa nne, kisogoni ukibinya dredi katikati ulikuta kidonge kigumu. Hicho ndicho cha kutafuta kwa vidole, kwa sababu nje dredi bado huonekana fumufumu na mtu hudhani imeharibika, kumbe ndani imeanza kufunga. Utosini kidonge kilikuja mwezi uliofuata, panja zikachelewa zaidi.

Mwezi wa nane dredi za kisogoni na utosini hazikufunguka tena zikilowa, ndipo msusi alipoanza kuyarudia mashina yake kwa intaloki, upande kwa upande, akiacha nusu sentimita huru. Hilo linawezekana, kwa kuwa fundo huongezwa chini ya dredi iliyokwisha kushikana. Kinyume chake ni kigumu zaidi: aliyeanza na intaloki akihamia kuzungusha shina, ile sehemu ya mafundo hubaki na sura yake mpaka ikatwe. Mistari miwili ya mbele ya binamu yangu bado inazungushwa kwa kitana kila baada ya wiki sita, kwa ute kidogo, bila kubanwa nyuma kwa klipu akiwa kazini.